15090 imejibu ni iPhone halali. Je, nilipe?

*Habari mtaalamu. Nimepata iPhone 12 ya mtumba Kariakoo kwa shilingi 680,000, muuzaji anasema imetoka Marekani. Nilibonyeza *#06#, nikaituma ile namba ya IMEI kwenda 15090, jibu likaja kwamba ni iPhone 12. Laini yangu niliweka ikashika vizuri tu. Sasa shemeji yangu ananitisha, anasema simu za Marekani ama zimeibwa, ama zimefungwa kwa mtandao wa huko, na nyingine zimebandikwa namba ya simu ya mtu mwingine. Hiyo IMEI inaweza kuniambia yote hayo? Au nimalizane na muuzaji tu? Nimemwachia elfu hamsini asiiuze. Msomaji, Mbagala.*

Iliyobaki usiilipe bado. Shemeji yako ametaja mambo matatu yaliyo tofauti kabisa, na ujumbe wa 15090 haujagusa hata moja kwa ukamilifu. Wala TCRA, mamlaka ya mawasiliano yenye hiyo 15090, haikukudanganya. IMEI ni kama namba ya gari: yenyewe haina habari yoyote ndani yake, habari ziko kwenye madaftari yanayotunzwa na watu mbalimbali, kila daftari mahali pake. Umeuliza daftari moja, la Dar es Salaam. Yamebaki mengine mawili, na yote yako Marekani.

Tuanze na namba yenyewe, maana ukishaielewa utaona kwa nini jibu lako lilikuja haraka na zuri hivyo.

IMEI ina tarakimu 15. Nane za mwanzo zinataja aina ya simu: kampuni iliyoitengeneza na modeli. Simu nyingi za modeli moja zina tarakimu hizo hizo nane. Sita zinazofuata ndizo za simu hiyo peke yake. Ya mwisho haitaji kitu, ni ya kuhakiki tu, inapatikana kwa kupiga hesabu ya zile 14 za nyuma yake. Chukua namba ya mfano ambayo wanafunzi wa mawasiliano huifanyia mazoezi, 490154203237518. Weka ile 8 ya mwisho pembeni. Katika 14 zilizobaki, kuanzia kushoto, zidisha kwa mbili kila tarakimu ya pili. Ukipata jibu la tarakimu mbili, zijumlishe ziwe moja, yaani 18 inakuwa 1+8, ambayo ni 9. Kisha jumlisha zote:

```
4  9  0  1  5  4  2  0  3  2  3  7  5  1
4  9  0  2  5  8  2  0  3  4  3  5  5  2   = 52
60 - 52 = 8
```

Unatafuta kumi kamili inayofuata baada ya 52, ambayo ni 60, na tofauti yake ni 8. Inalingana na ile tuliyoiweka pembeni, kwa hiyo namba imeandikwa sawasawa. Hesabu hii inamnasa mtu aliyekosea kuandika tarakimu moja, na inamnasa fundi mvivu aliyejitungia namba kichwani. Lakini pima nguvu yake: namba za kubuni kumi zikipita hapo, moja itafaulu kwa bahati tu. Na aliyenakili namba ya simu halisi atafaulu kila mara, kwa sababu hakubuni kitu.

Sasa hiyo 15090. Mwishoni mwa 2015 TCRA ilianzisha rajisi kuu ya namba tambulishi za simu, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zenye namba bandia zikazimwa nchi nzima. Waliokuwa na zile simu za spika kubwa na laini tatu wanaukumbuka usiku ule. Kila simu inapojiunga na mnara, kampuni ya simu inaweza kuiomba IMEI yake, na isiyotakiwa ikanyimwa huduma. Wewe ulipotuma ujumbe, ulichokuwa unauliza ni kama namba hiyo ni ya simu halali, na ya aina gani. Jibu likaja: iPhone 12. Maana yake ni kwamba *namba* ni ya iPhone 12. Kama *kifaa* ulichoshika ndicho hicho, mfumo haujui, kwa sababu uliandika tarakimu tu. Ungeweza kuzinakili kwenye boksi la jirani na ungepata jibu lile lile.

Hapo ndipo wanapopitia wenye kunakili namba.

Fundi mwenye simu iliyozuiwa au simu bandia hatafuti tena namba ya kubuni, mfumo utamkamata. Anatafuta namba safi ya simu halisi inayotembea mjini, anaiandika kwenye simu yake, basi. Tangu hapo simu mbili zina jina moja. Nchini India, mjini Meerut, polisi walitangaza mwaka 2020 kwamba wamekuta simu zaidi ya 13,000 zinatumia IMEI moja. Ukiituma namba ya namna hiyo mahali pa kuhakiki aina ya simu, utaambiwa tu ni simu ya kampuni fulani. (Kwa sababu hiyo hiyo, ukiuza simu yako mtandaoni usiweke picha ya boksi ikionyesha IMEI yote. Unamgawia mtu namba safi bure.)

Kwa hiyo swali la kwanza linajibiwa kwa macho na mikono, kwa kulinganisha namba na kifaa. Na hapa iPhone na Android haziendi sawa, kwa hiyo nitazitenganisha.

Kwenye Android, hasa za bei ya chini, IMEI huandikwa upya na fundi mwenye kompyuta na programu zake. Kifaa ni halisi, namba ndiyo ya kuazima. Anayetazama umbo la simu haoni kitu. Unachofanya ni kuzisoma namba sehemu kadhaa: bonyeza *#06#, kisha fungua `Settings`, nenda `About phone`, kisha tazama boksi, na kwa baadhi ya modeli mgongoni mwa simu au ndani chini ya betri. Fundi hubadilisha za ndani, zile zilizochapwa humponyoka. Halafu tazama kama jibu la 15090 linataja modeli unayoiona. Simu imeandikwa Samsung mgongoni, jibu likaja Tecno, hapo hakuna mjadala tena. Simu ya laini mbili lazima iwe na IMEI mbili tofauti; zikiwa sawa mpaka tarakimu ya mwisho, kuna mkono uliopita. Na ukikuta sifuri tupu, au `Invalid IMEI`, au namba 004999010640000, hiyo si lazima iwe ya wizi. Mara nyingi simu iliflashiwa vibaya ikapoteza kumbukumbu zake. Ila ya kununua siyo.

Mteja mmoja aliniletea Android yake akilalamika kwamba imekatika mtandao ghafla, na laini zake zote mbili ni nzima. Nikasoma namba ya ndani, nikaomba na boksi. Boksi lilikuwa na namba nyingine. Alinunua mtumba, akapewa na boksi zuri, hakuna aliyelinganisha. Namba aliyokuwa anaitumia ilikuwa ya mtu mwingine, na huyo mwingine alikuwa ameibiwa simu yake akatoa taarifa. Ilipozuiwa namba, zikazimika simu zote mbili, ya mwizi na ya mteja wangu. Sikuwa na la kumsaidia. Kuirudisha namba ya zamani ni kubadilisha IMEI, na kubadilisha IMEI ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, hata kama nia yako ni njema.

iPhone ni kisa kingine. Kubadilisha IMEI ya iPhone halisi ikaendelea kufanya kazi ni shida kubwa, kwa sababu kila inapowashwa upya kutoka mwanzo inajitambulisha kwa seva za Apple, na namba zake hazina budi kuafikiana na kumbukumbu za kiwandani. Ukisikia iPhone yenye namba ya kunakili, basi mara nyingi si iPhone. Ni Android iliyovalishwa nguo za iPhone, na namba iliyoandikwa humo ni ya iPhone 12 ya kweli iliyoko kwa mwenyewe. 15090 itakujibu vile vile ilivyokujibu. Kuigundua hakuhitaji utaalamu: fungua `App Store`. Kwenye simu ya bandia, hiyo alama ya App Store inafungua duka la Google, au inafungua kitu kinachofanana na duka halafu kinaganda. Kisha nenda `Settings`, `General`, `About`, ukachukue namba ya kiwandani, iliyoandikwa `Serial Number`. Iingize kwenye tovuti ya checkcoverage.apple.com ukitumia simu yako mwenyewe, usitumie ya muuzaji, uone kama inakutajia iPhone 12.

Ukiwa hapo hapo kwenye `About`, chomoa trei ya laini kwa pini. Kwenye iPhone 12 IMEI imechongwa kwenye hiyo trei, kwa herufi ndogo sana, utahitaji tochi. Iwe sawa na ya kwenye kioo. Ikitofautiana usipaze sauti, trei hubadilishwa ikivunjika na hugharimu kidogo. Ila muulize muuzaji simu ilifunguliwa kwa ajili gani. Tazama pia `Model Number`. Ikianza na herufi M iliuzwa ikiwa mpya, F ilikarabatiwa na Apple ikauzwa tena, N ilitolewa kufidia simu nyingine iliyoharibika. Ikiishia na LL/A ni ya soko la Marekani kweli. Kama muuzaji anasema Marekani na simu inasema J/A, hiyo imetoka Japani, na maelezo yake mengine uyapokee kwa tahadhari hiyo hiyo.

Na kuhusu trei, usiirudishe bado. Tutaihitaji.

Tuje kwenye daftari la pili, orodha nyeusi. Hili ndilo linalowachanganya watu zaidi, kwa sababu wanadhani kuna orodha moja ya dunia nzima. Kila kampuni ya simu ina yake. Nchi nyingine, kama yetu, zina ya taifa inayounganisha kampuni zote. Juu yake kuna chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, ambacho kina daftari la kubadilishana: kampuni inapeleka namba za simu zilizoibiwa, nyingine zinazichukua na kuzizuia kwao. Lakini daftari hilo halizimi simu. Simu inazimwa na mtandao unaoitumikia, na mtandao ambao hauzichukui namba za Marekani hautaizuia simu iliyoibwa Marekani. Ndiyo maana simu iliyokufa New York inafufuka Dar, na ndiyo maana kuna biashara ya kuzisafirisha.

Kwa hiyo laini yako kushika hakuthibitishi kwamba simu haikuibwa. Kunathibitisha kwamba haijazuiwa *hapa*, *leo*.

Marekani simu huingia kwenye orodha hiyo kwa njia zaidi ya moja. Kuna ya kuibiwa au kupotea, hiyo kila mtu anaielewa. Kuna ya bima: mtu anaripoti simu imepotea, analipwa nyingine, kumbe ya kwanza ameiuza. Na kuna ya deni, ambayo kwetu imeanza kueleweka tangu simu za mkopo zienee mitaani. Wamarekani wengi hawanunui simu kwa pesa taslimu, huchukua kwa kampuni ya simu na kulipa kidogo kidogo kwa miaka miwili au mitatu. Akiacha kulipa, kampuni inaweza kuiweka namba kwenye orodha. Ona hatari yake: anaweza kuiuza leo namba ikiwa safi kabisa, akaacha kulipa mwezi ujao. Hakuna tovuti inayoweza kukuonya juu ya deni litakaloachwa kesho. iPhone 12 ilitoka Oktoba 2020, kwa hiyo mikopo ya wanunuzi wa mwanzo ingepaswa kuwa imeisha zamani, na kwa upande huo umri wa simu unakusaidia. Simu mpya ya mwaka huu ningekuogopesha zaidi.

Pa kuulizia ni Marekani kwenyewe. Umoja wa kampuni za simu za huko, CTIA, una tovuti ya stolenphonechecker.org ambapo unaingiza IMEI na kuambiwa kama imeripotiwa kupotea au kuibwa. Habari za deni usizitegemee hapo. Kwa deni, tumia kurasa za kampuni zenyewe, AT&T, T-Mobile na Verizon, zile ambazo mteja anayetaka kuhamia kwao na simu yake huingiza IMEI kuona kama itapokelewa. Iliyozuiwa itakataliwa. Baadhi ya kurasa hizo husumbua ukiwa nje ya nchi yao. Kama una ndugu huko, mtumie namba akuingizie, ni kazi ya dakika mbili. Tovuti za kulipia zinazoahidi kukupa kila kitu kwa dola chache zipo nyingi. Baadhi zina habari za kweli, nyingine zinakuuzia tarakimu nane za mwanzo zikiwa zimepambwa. Mimi huanza na za bure.

Jambo moja la kushika hapa: ingiza namba uliyoisoma mwenyewe kwenye kioo baada ya *#06#. Usiingize aliyokutumia muuzaji kwenye WhatsApp. Mjanja anakutumia ya simu yake safi ya nyumbani, unaihakiki, unafurahi, unanunua nyingine.

Kama namba ingekuwa imezuiwa Tanzania, simu isingefanya kazi na laini zetu, na ungeshajua. Ila kuna pengo la muda. Aliyeibiwa jana huenda leo bado yuko kituoni anaandikiwa taarifa, na kampuni yake haiizuii mpaka ailete. Simu iliyoibwa Mbezi asubuhi inaweza kuuzwa Kariakoo jioni namba yake ikiwa haina doa. Kwa yako iliyotoka Marekani hofu hii ni ndogo, lakini kwa simu ya mtumba wa humu humu ndiyo kubwa kuliko zote.

Daftari la tatu ndilo ninaloliogopa zaidi kwenye kisa chako: kufungwa kwa mtandao mmoja.

Kufungwa huku hakuonekani ndani ya IMEI. Ukizisoma tarakimu 15 mpaka kesho hazitakwambia kama simu imefungwa kwa AT&T. Kwa iPhone, habari hiyo iko kwenye seva za Apple, pembeni ya IMEI hiyo: simu inapowashwa kwa mara ya kwanza inauliza, seva inajibu kwamba hii ipokee laini zozote, au hii ipokee za kampuni fulani tu. Ndiyo maana kuifungua kihalali hakumhitaji fundi. Kampuni iliyoiuza inaiambia Apple, simu inajifungua yenyewe kupitia intaneti. Na ndiyo maana fundi anayedai kuifungua kwa kompyuta yake mezani anakupa kitu kingine.

Hapa madaftari mawili yanakutana, na ukipaelewa utaisoma simu vizuri. AT&T haifungui simu mpaka deni lake liishe, na haiifungui iliyoripotiwa kuibwa. T-Mobile vivyo hivyo. Kwa hiyo simu iliyofungwa kwa moja ya hizo mbili inakunong'oneza kwamba huenda mwenyewe hakumaliza kulipa, au aliiripoti, au alikuwa mzembe tu. Verizon ilikuwa tofauti: tangu 2019, kwa miaka kadhaa, simu zake zilijifungua zenyewe baada ya siku 60, deni liwepo lisiwepo. Simu ya Verizon ya wakati ule inaweza kuwa wazi kwa laini zote na bado ikawa na deni nyuma yake. Kwa hiyo kuwa wazi hakumaanishi kuwa safi, na kufungwa hakumaanishi kuwa ya wizi.

Sasa utaniuliza: kama imefungwa, laini yangu ilishikaje?

Kuna kijichipu chembamba kama karatasi, wengi wanakiita R-SIM, kinachowekwa chini ya laini kwenye trei. Kinaidanganya simu ione laini yako ya Vodacom au Airtel kama laini ya kampuni iliyoifunga. Mtandao unashika, unapiga, intaneti inakuja. Siku utakayosasisha programu ya simu, au utakayobadilisha laini, au kijichipu kitakapoamua kuchoka, unakutana na maneno `SIM Not Supported`, na muuzaji ameshahama kibanda. Wauzaji wengine hukiita kufungua. Si kufungua, ni kuegesha.

Ile trei niliyokwambia usiirudishe, itazame sasa. Inua laini yako. Kama chini yake kuna kipande kingine chembamba chenye vidoti vya dhahabu, umeshapata jibu. Kitoe, rudisha laini peke yake, uone simu itasema nini. Muuzaji akikuwahi kwa kukuwekea laini yeye mwenyewe, mshukuru, kisha itoe uiweke tena kwa mkono wako. Jaribu na laini ya kampuni nyingine pia, ya kwako au ya rafiki.

Kisha rudi `Settings`, `General`, `About`, teremka mpaka `Carrier Lock`. Panapaswa kuandikwa `No SIM restrictions`, yaani haijafungwa kwa mtandao wowote. Pakisema `SIM locked`, imefungwa, hata kama laini inashika. Mstari huu peke yake una thamani kuliko tovuti nyingi za kulipia.

Kipimo kikali kuliko vyote kinachukua kama dakika kumi na tano, na muuzaji wa kweli hakikatai. Mwambie aifute simu mbele yako: `Settings`, `General`, `Transfer or Reset iPhone`, `Erase All Content and Settings`. Iwake upya kama mpya, laini yako ikiwa ndani bila kipande kingine, uiunganishe na waifai au intaneti ya simu yako. Hapo simu haina budi kuiuliza seva ya Apple upya. Kama imefungwa kwa mtandao, itaikataa laini yako pale pale. Kama ina akaunti ya mtu mwingine, itadai barua pepe na nywila yake, na hiyo ni kufuli nyingine ambayo IMEI safi haiiondoi na 15090 haiijui. Kama ni ya bandia, haitakuwa na hizo hatua, au itazifuata kwa namna ya ajabu ajabu. Ikifika mpaka kwenye ukurasa wa mwanzo bila kuuliza ya mtu mwingine, na laini ikashika, umepima mambo matatu kwa mara moja. Baki na swali moja tu la kule Marekani, la kuibwa na deni.

Kwa hiyo kesho ukifika dukani fanya hivi. Soma IMEI mwenyewe, ilinganishe na ya kwenye `About` na ya kwenye trei. Tazama chini ya laini. Soma `Carrier Lock`. Futa simu, iwashe upya na laini yako. Wakati inafutika, mtumie ndugu wa Marekani ile namba aiingize kwenye tovuti ya CTIA na kwenye kurasa za zile kampuni tatu. Ukimaliza, omba risiti iliyoandikwa IMEI yote 15, jina la duka na tarehe, na maneno kwamba simu ikikataa laini ndani ya muda mtakaokubaliana atakurudishia pesa. Risiti isiyo na IMEI haikusaidii ukifika polisi, kwa sababu haisemi ni simu ipi uliyonunua.

Yakitokea haya mawili, usinunue hata akishusha bei: namba za ndani na za nje zikipishana bila maelezo ya kueleweka, au simu ikidai akaunti ya mtu. Ikiwa imefungwa kwa mtandao lakini namba ni safi Marekani, hiyo ni hesabu ya bei tu. Kuna watu wanaoishi na kijichipu wakijua wanachonunua, ila kwa 680,000 hawafiki, na wewe usifike. Ikiwa iko wazi lakini Marekani wanasema iliripotiwa kuibwa, itafanya kazi hapa, sitakuficha. Lakini ni mali ya mtu, na siku mitandao yetu itakapoanza kuzichukua namba hizo, itazimika mkononi mwako au mwa utakayemuuzia.

Ile elfu hamsini uliyomwachia, mpigie leo leo umwambie ni ya kushikilia simu mpaka ipimwe, na kwamba utakuja na laini mbili na pini ya trei. Sikiliza atakavyojibu.